Kikaratasi cha Nansio: hela inapita wapi ukishabonyeza tuma

Maneno haya niliyasema mbele ya wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioacha mizigo mkaja kunisikiliza, asanteni sana. Najua dagaa hawasubiri mtu. Wingu likitanda upande wa ziwani nendeni mkafunike, hatutagombana.

Miaka kadhaa nilifanya kazi kwenye kitengo cha upatanisho wa miamala. Ni chumba ambacho mteja hakifiki wala hakijui. Kila asubuhi tulikuwa tunachukua daftari letu la jana na daftari la kampuni nyingine, tunayalaza ubavu kwa ubavu, tunatafuta hela ambayo huku inaonekana imetoka na kule haionekani imeingia. Kwa hiyo mtu akiniambia "hela imekatwa lakini haijafika", mimi naona mstari kwenye daftari, na karibu kila mara najua ni sehemu gani ya kuanza kuutafuta. Ndicho nilichokuja kuwagawia leo.

Nianze na mama mmoja wa soko hili hili. Jina lake silitaji, na kampuni zake mbili za simu sizitaji. Ilikuwa wakati wa giza, zile siku ambazo mwezi haupo, taa zinawaka ziwani usiku kucha na dagaa wanapatikana. Mnajua wakati wa giza hela inavyokimbia: mwenye mtumbwi kisiwani anataka chake asubuhi, la sivyo mzigo anachukua mwingine. Mama huyu alikuwa na salio la 980,000. Akamtumia mtu wake wa Nansio, Ukerewe, shilingi 450,000, na mtu huyo alikuwa mtandao mwingine. Makato tuseme yalikuwa 4,000. Akaweka namba ya siri, akabonyeza, simu ikamwandikia kwamba ombi lake linashughulikiwa. Basi. Akasubiri dakika tatu, meseji haikuja. Akampigia mtu wake, naye akasema hajaona kitu. Kisiwani kuna mnunuzi mwingine amesimama pembeni ana hela mkononi. Mama akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akaingia tena kwenye menyu, akatuma tena 450,000. Safari hii meseji ikaja hapo hapo, mzigo ukawa wake.

Jioni akaangalia salio akakuta 72,000. Zimekatwa mara mbili.

Nitamrudia. Kwanza tuione njia yenyewe.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba hela haisafiri. Hakuna noti inayotoka Kirumba kwenda Nansio. Hela yenu ya kwenye simu, ile halisi, imewekwa benki kwenye akaunti ya udhamini, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 ndiyo iliyoweka msingi wa kulinda hela hizo zisichanganywe na hela za kampuni. Kinachobadilika ukibonyeza tuma ni daftari. Kampuni yako inaandika kwamba huyu amepungukiwa 450,000, kampuni ya mwenzako inaandika kwamba huyu ameongezewa 450,000, kisha kampuni hizo mbili zinadaiana na kulipana zenyewe kwa zenyewe.

Chukueni mfano wa wenye maduka wawili wanaoaminiana, mmoja yuko hapa Kirumba na mwingine Nansio. Unakwenda kwa wa Kirumba, unampa 450,000, unamwambia ampe mtu wako kule. Hatumi noti. Anaandika kikaratasi: "Kikaratasi namba 71. Mpe fulani laki nne na nusu, tutahesabiana." Anampa nahodha wa mtumbwi. Mwenzake wa Nansio anakisoma, anatoa hela kwenye droo yake, anampa mtu wako, kisha anaandika kikaratasi cha kurudi: "Namba 71, nimeshampa." Nahodha anakileta Kirumba, na mwenye duka anakuambia imefika.

Angalieni kwamba mtumbwi umekwenda na umerudi. Ni safari mbili. Ukishika hilo umeshika nusu ya maneno yangu ya leo.

Sasa tuifuate 450,000 kwa njia yake halisi.

Safari ya kwanza ni fupi kuliko zote, kutoka kwenye simu yako hadi kwenye kompyuta za kampuni yako. Ukipiga ile menyu ya nyota na reli, simu inafungua mazungumzo na mtandao, na mazungumzo hayo yana muda wake. Ukikaa sana unatafuta miwani, yanakatika. Mnara ukielemewa, kama unavyoelemewa hapa sokoni saa za kulipana, yanakatika pia. Yakikatika kabla hujaweka namba ya siri na kuthibitisha, hakuna kilichotokea: kikaratasi hakijaandikwa. Yakikatika baada ya kuthibitisha, hapo wewe huwezi kujua. Inawezekana ombi lako lilifika na ni jibu tu lililokatika, na inawezekana halikufika kabisa. Kwa macho yako mambo haya mawili yanafanana kabisa, simu imerudi tu kwenye uso wake wa kawaida.

Lakini kuna njia ya kuyatofautisha, na haichukui dakika: angalia salio. Mama yetu angeangalia salio baada ya zile dakika tatu angekuta 526,000. Laki tisa na themanini ukitoa laki nne na nusu na makato ya elfu nne. Namba hiyo ingemwambia kwamba kikaratasi kimeshaandikwa na mtumbwi umeshang'oa nanga. Angekuta bado 980,000, maana yake ingekuwa nyingine kabisa: ombi halikufika, au limefika likakataliwa.

Kwenye kampuni yako ombi linakaguliwa. Namba ya siri ni sahihi? Salio linatosha pamoja na makato? Umevuka kiwango cha siku? Ukishindwa hapo unaambiwa mara moja, na hela haiguswi. Ukipita, kompyuta inaiondoa 450,000 kwenye salio lako na kuiweka pembeni. Haijawa ya mwenzako, na wewe huwezi kuitumia. Iko kama samaki aliyekwishatolewa kwenye wavu lakini hajapimwa. Kisha muamala unapewa namba yake ya kumbukumbu, zile herufi na tarakimu mnazoziona mwanzoni mwa meseji. Watu wengi huzipita tu. Hiyo ndiyo "namba 71" ya kikaratasi chetu, na nitawaonyesha kwa nini ina thamani kuliko maneno yote ya kwenye meseji ile.

Kama mnayemtumia yuko mtandao huo huo, safari imekwisha: daftari ni moja, mstari mmoja unapungua, mwingine unaongezeka, kwa pamoja. Ndiyo maana hela ya mtandao mmoja hukwama mara chache sana. Ikionekana imekwama, mara nyingi ni meseji tu iliyochelewa.

Kwenda mtandao mwingine ndipo panapohitajika mtumbwi. Wakubwa wenzangu wanakumbuka zamani ilivyokuwa: ukimtumia mtu wa mtandao mwingine alikuwa anapokea namba ya kwenda nayo kwa wakala, basi. Mwaka 2014 kampuni za simu nchini zilianza kuunganishwa, hela ikawa inaingia moja kwa moja kwenye salio la mwenzako. Mwanzoni kampuni ziliungana mbili mbili, kila jozi na waya wake. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa pamoja wa malipo ya papo kwa papo, unaitwa TIPS, ambao mabenki na kampuni za simu hukutana hapo. Uchukulieni kama gati moja ambako mitumbwi yote inatia nanga, badala ya kila duka kuwa na nahodha wake.

Pale gatini kinaulizwa kwanza kitu kidogo chenye faida kubwa: namba hii ni ya nani? Ndipo jina la mpokeaji linapokuja kwenye kioo chako kabla hujathibitisha. Jina likija, jua kwamba upande wa pili uko hai kwa wakati huo na umejibu. Jina lisipokuja, au menyu ikizunguka na kukata hapo, ni dalili kwamba njia ya kwenda kule haiko sawa. Ushauri wangu, na nausema kwa moyo wote: jina likigoma kutokea, usilazimishe. Subiri, au tafuta njia nyingine ya kumlipa. Bado hujapoteza chochote, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kusema hivyo.

Kuna jambo jingine la gatini ambalo mteja halioni. Kampuni inayotuma lazima iwe na hela yake iliyotengwa kwa ajili ya kulipana na wenzake, maana duka la Nansio haliwezi kuendelea kutoa kwenye droo yake kwa ahadi tu. Ile akiba ikipungua kabla haijaongezwa, miamala inakataliwa hata kama salio lako wewe limejaa. Likitokea hilo, hela yako inarudi na meseji inasema imeshindikana. Inaudhi, lakini ni jibu.

Kisha kampuni ya mpokeaji. Nayo inakagua: laini iko hai? Haijafungiwa? Akiongezewa hii hela, salio lake litavuka kiwango kinachoruhusiwa kwa aina yake ya usajili? Hili la kiwango nawaomba mlikumbuke wakati wa giza, maana mtu mmoja kisiwani anakusanya hela za wanunuzi kumi na hajatoa hata shilingi. Wa kumi na moja akituma, inakataliwa. Si mtandao, si tapeli. Kibuyu chake kimejaa. Akitoa kidogo, ukituma tena inapita.

Angalieni kwamba mpaka hapa nimetaja sehemu nyingi za kukataliwa, na zote hazikumpata mama yetu. Kukataliwa ni jambo jema kiasi chake: mtumbwi umerudi na kikaratasi kilichoandikwa "hapana", mwenye duka wa Kirumba anakurudishia hela yako, unapanga upya. Shida iko kwenye mtumbwi usiorudi.

Nahodha aliondoka Kirumba na kikaratasi namba 71. Jua limezama, hajarudi. Mwenye duka amesimama gatini. Je, mtumbwi ulizama ukienda, au ulizama ukirudi? Kama ulizama ukienda, mtu wako hajapata kitu na wewe unastahili kurudishiwa. Kama ulizama ukirudi, mtu wako alishapata hela yake, na mwenye duka akikurudishia atakuwa amelipa mara mbili. Akisimama pale Kirumba hawezi kujua ni lipi. Hata awe mwaminifu vipi, hata awe na kompyuta kubwa vipi, hana njia ya kujua kwa kusubiri tu.

Kompyuta za kampuni ziko katika hali hiyo hiyo. Zinatuma ombi, zinahesabu sekunde, muda uliowekwa ukipita bila jibu zinaandika kwenye mstari wako kwamba muamala huu haujulikani. Haujaandikwa umekwenda, haujaandikwa umeshindwa. Nyie mnaoneshwa maneno laini zaidi: unashughulikiwa, unasubiri. Lakini sisi kule ndani tulikuwa tunajua maana yake ni moja, kwamba hatujui.

Hapa ndipo watu hukasirika wakiniuliza: "Kama hamjui, si mnirudishie hela yangu kwanza?" Swali la haki. Sababu ndiyo hiyo niliyoisema: wakirudisha kwa haraka na kumbe kule imeshaingia, kuna mtu amepata mara mbili, na kuitoa kwake si kazi ndogo. Kwa hiyo hela inashikiliwa pembeni mpaka ijulikane. Haijapotea na haijaliwa, inasubiri habari.

Habari hiyo inatafutwaje? Kwanza kompyuta inamtuma nahodha mwingine, na kikaratasi kinachosema: "Nauliza habari za namba 71." Mwenye duka wa Nansio anafungua daftari. Akikuta namba 71 imeandikwa, anajibu "nilishampa". Asipoikuta, anajibu "sijaiona". Hata wakimtumia tena kikaratasi kile kile cha malipo, chenye namba ile ile 71, hatatoa hela mara ya pili, kwa sababu namba hiyo ameshaiona kwenye daftari lake. Namba moja, malipo moja. Huo ndio ulinzi uliojengwa ndani ya mifumo hii: mashine zinaweza kuuliza na kurudia mara nyingi, mradi zinarudia kwa namba ile ile.

Sasa fikirini mama yetu alipoingia kwenye menyu na kutuma upya. Je, alirudia namba 71? Hapana. Menyu haijui kwamba anarudia. Inaona mtu mzima, namba ya siri sahihi, salio linatosha. Ikaandika kikaratasi kipya, namba 72, laki nne na nusu. Mwenye duka wa Nansio akafungua daftari, namba 72 hajawahi kuiona, akalipa. Alifanya sahihi kabisa. Kwa daftari, haya ni malipo mawili tofauti ya mtu anayefanya biashara, na wafanyabiashara wa dagaa humlipa mtu mmoja mara mbili kwa siku bila ajabu yoyote. Baadhi ya mifumo hukuuliza, "umetuma kiasi hiki hiki kwa mtu huyu muda mfupi uliopita, una uhakika?" Lakini hata swali hilo halikuzuii, linakukumbusha tu.

Kuna kitu kimoja kinaleta utata hapa, nacho ni simu ya yule mtu wa Nansio. Si alisema hajaona kitu? Alisema kweli. Hakuona meseji. Meseji inasafiri kwa njia yake, peke yake, baada ya hela kuandikwa. Inatunzwa mahali na kujaribiwa tena kama simu imezimwa, iko nje ya mnara, au nafasi ya meseji imejaa. Mtu aliyekuwa mwambao wa mbali akianika dagaa juu ya mawe anaweza kuwa na hela kwenye salio nusu saa nzima bila meseji. Kinyume chake kipo pia, na ni hatari zaidi: meseji ipo, hela hakuna. Matapeli wanajua kuandika meseji inayofanana na ya kweli neno kwa neno. Kwa hiyo mwombeni anayepokea aangalie salio, asiangalie meseji. Swali la kumuuliza ni "salio lako sasa hivi ni shilingi ngapi?", siyo "umeona meseji?" Mama angeuliza hivyo, yule mtu angeingia kwenye menyu, angekuta laki nne na nusu zimetulia zinamsubiri.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Namba 71 ilifika Nansio ndani ya sekunde chache. Ililipwa. Jibu ndilo lililopotea njiani kurudi.

Tulijuaje? Hapa niwaingize kidogo kwenye chumba chetu, kwa sababu ni sehemu ambayo sijawahi kusikia mtu akiwaelezea wateja. Muamala wa mitandao miwili unaandikwa kwenye madaftari matatu: la kampuni inayotuma, la gati la katikati, na la kampuni inayopokea. Siku ikifungwa, madaftari haya yanalinganishwa kwa namba ya kumbukumbu na kiasi. Mistari karibu yote inakubaliana yenyewe, mtu haigusi. Inayobaki ni michache na ndiyo iliyokuwa riziki yetu. Ukikuta mstari uko kwa mtumaji peke yake, gatini hakuna na kwa mpokeaji hakuna, mtumbwi ulizama ukienda: mtumaji arudishiwe, na makato yake pia. Ukikuta mtumaji anao, gati linasema umekubaliwa, mpokeaji anao, basi jibu ndilo lililopotea: funga mstari, andika umekwenda. Ule wa kukaa nao ni wa tatu, pale gati linaposema umekubaliwa lakini kwenye salio la mpokeaji hakuna kitu. Hapo kampuni ya mpokeaji imeshahesabiwa hela na haijampa mwenyewe. Inabidi mtu wa upande huu ampigie mtu wa upande ule, wafungue mstari mmoja kwa macho yao wenyewe. Ndiyo hela zinazochelewa kuliko zote, na ndizo mtumaji anapoambiwa "kwetu imeshatoka", mpokeaji anaambiwa "kwetu haijaingia", na kila mmoja anaona amedanganywa. Wote wawili wamesoma daftari lao kwa usahihi.

Ukiwa katika hali hiyo, fungua malalamiko upande wako wewe uliyetuma, kwa namba ya 100, na utaje vitu vinne: namba ya kumbukumbu, kiasi, namba ya mpokeaji, na saa. Bila namba ya kumbukumbu, mtu wa chumba cha upatanisho anatafuta laki nne na nusu kati ya laki nne na nusu nyingi za siku hiyo. Akiwa nayo, anaandika, anabonyeza, mstari unatokea. Kama meseji hukuipata kabisa, ombeni taarifa fupi ya miamala kwenye menyu. Mara nyingi namba hiyo huonekana humo. Dai upewe namba ya malalamiko yako, uiandike kwenye daftari lako la biashara, siyo nyuma ya mkono. Na mtu akikupigia kwa namba ya kawaida, akajifanya ni wa huduma kwa wateja, amejua kwamba hela yako imekwama, anataka umtajie namba ya siri ili "aifungue", kata simu. Katika kazi yetu yote hakuna hata mara moja tulihitaji namba ya siri ya mteja. Mstari unafunguliwa kwa kumbukumbu, siyo kwa siri yako.

Wanaotuma kutoka benki kwenda kwenye simu, njia ni hiyo hiyo, ila inaongezeka hatua moja ndani ya benki yenyewe. Usiku benki nyingi hufunga hesabu za siku, na kwa muda huo jibu linaweza kuchelewa. Malipo ya mzigo wa alfajiri ni bora yatumwe jioni.

Mzee mmoja hapa mbele ameniuliza: basi ukikwama, na mnunuzi mwingine amesimama kwenye mzigo, ufanye nini? Anasema nisiwaache na falsafa tu. Kweli, mzee wangu. Fanya hivi. Angalia salio lako. Kama halijapungua, tuma tena, hujafanya kosa lolote. Kama limepungua, mpigie mwenzako, muulize salio lake. Likiwa limeongezeka, maliza biashara. Kama lako limepungua na lake halijaongezeka, hapo uko kwenye ile hali ya mtumbwi usiorudi, na usitume kiasi kizima tena. Mwenye mzigo anakujua? Mtumie kishika mzigo, elfu hamsini au laki moja, akushikie mpaka ijulikane. Ukituma kiasi tofauti kuna faida mbili: ukija kujikuta umelipa mara mbili, umezidisha kidogo, na kule kwenye madaftari mistari yako miwili inatofautika kwa jicho tu.

Bado kuna sehemu ya mwisho ambayo kwenye daftari haipo kabisa. Hela ya yule mtu ikishafika kwenye salio, anataka noti, maana wavuvi wake anawalipa kwa noti. Anakwenda kwa wakala. Wakala ana mifuko miwili: hela ya kwenye simu, anayoiita floti, na noti za kwenye droo. Mtu akitoa hela, droo inapungua na floti inaongezeka. Kisiwani wakati wa giza kila mtu anatoa, hakuna anayeweka. Ikifika saa nne asubuhi floti ya wakala imejaa na droo ni tupu, na noti nyingine ziko Mwanza, ng'ambo ya maji. Mpokeaji anakupigia: "Hela haitoki." Wewe unasikia "hela haijafika". Unapanda hasira na kampuni, kumbe kampuni zote mbili zimemaliza kazi yao toka asubuhi. Muulizeni vizuri: haijaingia kwenye salio, au wakala hana noti? Wakala akipewa taarifa jioni kwamba kesho kutakuwa na laki tisa za kutoa, atajipanga. Wengi wao ni watu wa kusaidia wakijulishwa mapema.

Sasa mama yetu. Alikuja na namba zake mbili za kumbukumbu, alikuwa amezinakili kwenye daftari la mizigo. Tulizikuta zote mbili Nansio, zimelipwa, dakika chache zimepishana. Upande wetu ya kwanza ilikuwa bado imeandikwa haijulikani. Tukaifunga kwamba imekwenda. Hatukuweza kumrudishia, kwa sababu hela ilikuwa imemfikia mtu aliyemtumia mwenyewe, kwa namba aliyoiandika mwenyewe. Na yule mtu alipopigiwa alikiri kwamba alikuta laki tisa. Alidhani mama amelipia na mzigo unaofuata, akanunua mafuta ya injini na kulipa vijana wake. Hakuwa na noti hata moja ya kurudisha. Walielewana kwa simu mbele yetu, na giza lililofuata mama akapokea hapa Mwaloni magunia ya laki nne na nusu bila kutuma shilingi.